Pesa Iliyoingia Kwako kwa Makosa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanarudi kila wiki kwenye meza ya msaada wa kisheria ninapokaa. Wanaouliza ni wa pande zote mbili: aliyekosea namba na anataka pesa yake, na aliyeamka akakuta salio lisiloeleweka, akalitumia, sasa anaandikiwa barua. Majibu yanahusu Tanzania na Kenya. Uingereza inatajwa mara nyingi kwa sababu mahakama zetu bado zinasoma maamuzi ya huko katika eneo hili. Kama tayari umepewa hati ya kuitwa mahakamani, mpelekee wakili nyaraka zako kabla ya tarehe iliyoandikwa humo.

## Misingi

Mtu amenitumia pesa kimakosa. Si imeshakuwa yangu?

Hapana. Kuingia kwenye simu au akaunti yako hakuifanyi iwe yako. Tanzania Bara jambo hili limeandikwa waziwazi katika kifungu cha 72 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345: aliyelipwa fedha au kukabidhiwa kitu kwa makosa, au kwa sababu mlipaji alilazimishwa, ana wajibu wa kukirudisha. Kenya haina kifungu kama hicho, lakini mahakama zake zinafika palepale kwa kufuata sheria ya kimila ya Uingereza, yaani ile iliyojengwa na maamuzi ya majaji, pamoja na kanuni za usawa.

Wajibu huo unakuwepo hata kama hukufanya lolote baya. Watu wengi huja wakiwa wamejiandaa kuthibitisha kwamba wao si matapeli. Hilo lina maana baadaye, kwenye utetezi, ila halifuti deni lenyewe.

Sina mkataba na huyo mtu, hata simfahamu. Atanidai kwa msingi gani?

Kwa msingi unaoitwa kujinufaisha isivyo haki. Anayedai hahitaji mkataba, wala hahitaji kuonyesha kwamba umemkosea. Hakimu anajiuliza mambo manne kwa mfuatano. Je, umenufaika? Je, umenufaika kwa gharama ya huyu anayedai, si ya mtu mwingine? Je, ipo sababu ya kusema si haki ubaki na manufaa hayo, kwa mfano kwamba alilipa kwa makosa? Kama majibu yote ni ndiyo, linabaki la nne: je, una utetezi?

Kifungu cha 72 kina historia ndefu kuliko umri wa nchi. Kilitungwa kwa ajili ya India mwaka 1872, kikatumika Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, kisha Tanganyika ilipotunga sheria yake ya mikataba mwaka 1961 ikakibakiza. Kenya iliachana na sheria ya Kihindi wakati huohuo. Ndiyo maana wakili wa Nairobi atakutajia kesi, kama ile ya Chase International ya mwaka 1978 ambamo Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilikubali msingi huu, na wa Dar es Salaam atakutajia kifungu.

Aliyekosea ni yeye. Uzembe wake naubeba mimi?

Uzembe wa mlipaji haumnyimi haki ya kudai. Jibu hili lina miaka zaidi ya 180. Katika kesi ya Kelly dhidi ya Solari, mwaka 1841, kampuni ya bima ya Uingereza ilimlipa mjane mafao ya bima ambayo ilikuwa imekwisha nguvu kwa sababu awamu ya malipo ilikuwa haijalipwa. Wakurugenzi walikuwa wameshaambiwa jambo hilo; walisahau tu. Mahakama ilisema kwamba kusahau nako ni makosa, na kwamba mtu aliyelipa akiamini jambo lisilo kweli anaweza kurudishiwa hata kama angekuwa makini angegundua.

Mwisho wa kanuni hiyo uko kwa mtu aliyeona shaka akaamua kulipa liwalo na liwe. Huyo hakukosea, alibahatisha.

Makosa ya kutoielewa sheria nayo yanahesabika, au ni makosa ya namba na majina tu?

Yanahesabika. Makosa ya kawaida ni kukosea namba, kulipa ankara moja mara mbili, au ndugu wawili kila mmoja kulipa deni lilelile bila kujua mwenzake ameshalipa. Lakini hata anayelipa kwa sababu alidhani sheria inamtaka alipe anaweza kudai. Kwa kifungu cha 72, Baraza la Faragha la London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa ya makoloni, lilisema hivyo mwaka 1949 katika kesi kutoka India. Uingereza yenyewe ilisubiri hadi 1998.

Kesi ninayoipenda hapa imetoka Kampala, inaitwa Kiriri Cotton. Mpangaji alimlipa mwenye nyumba kilemba cha shilingi 10,000 ili apate kupanga, na wote wawili hawakujua kwamba sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilikataza kilemba hicho. Rufaa ilipofika London, mpangaji alirudishiwa pesa yake. Sababu ilikuwa kwamba sheria ile iliwekwa kumlinda mpangaji, na wajibu wa kuitii ulikuwa wa mwenye nyumba. Kwa hiyo hawakuwa na hatia sawa.

## "Lakini nimeshaitumia"

Pesa yote imekwisha. Bado nadaiwa?

Mara nyingi ndiyo, ila si lazima yote. Jibu fupi ni hili: kuitumia pesa si utetezi. Utetezi ni kwamba hali yako imebadilika kwa sababu ya pesa ile, kiasi kwamba ukilazimishwa kuirudisha yote utabaki pabaya kuliko ulivyokuwa kabla haijaingia.

Fikiria watu wawili waliopokea laki tano kila mmoja kwa makosa, wote bila kujua. Wa kwanza alilipa kodi ya nyumba na ada ya shule. Wa pili alijiona amejaliwa, akaandaa karamu ya maulidi ambayo asingeiandaa. Kwa wote wawili pesa imekwisha. Lakini wa kwanza, bila pesa ile, angelipa kodi na ada kutoka mfukoni mwake. Mfuko wake ulibaki na laki tano zilizokuwa ziondoke, na manufaa bado anayo. Wa pili hana kilichobaki, na akirudisha atatoa kwenye fungu lililokuwa lake tangu mwanzo. Utetezi ni wa huyo wa pili.

Najua jibu hili linawauma watu. Aliyetumia kwa mambo ya lazima analipa, aliyefanya karamu anasamehewa. Lakini kipimo hapa si nani alitumia kwa busara. Kipimo ni manufaa gani bado yapo mkononi mwa mpokeaji.

Utetezi huu umetoka wapi?

Kutoka kesi ya Lipkin Gorman, Uingereza, mwaka 1991. Mshirika mmoja wa ofisi ya mawakili aliiba fedha za wateja na kuzipeleka kwenye kamari katika klabu moja ya London. Klabu haikujua kwamba ni fedha za wizi. Ofisi ilipodai, majaji walikubali kwamba klabu ilinufaika isivyo haki, lakini wakakubali pia kwamba kila mchezaji yule aliposhinda, klabu ilimlipa. Mwishowe klabu iliamriwa kurudisha ile faida halisi iliyobaki baada ya kutoa ilicholipa. Kabla ya hapo Waingereza walitegemea njia nyingine, inayoelezwa kwenye swali la mahakama za Tanzania hapa chini.

Ni matumizi gani yanakubalika na yapi hayakubaliki?

Kesi inayofundisha vizuri zaidi ni ya kampuni ya bima ya Scottish Equitable, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Uingereza mwaka 2001. Mstaafu mmoja alilipwa kimakosa pauni 172,451 zaidi ya stahili yake, na alikuwa ameuliza mapema kama hesabu iko sawa, akaambiwa iko sawa. Alitumia kama pauni 9,662 kuboresha maisha yake kidogo. Pauni 41,671 alilipia mkopo wa nyumba. Kiasi kikubwa kilichobaki alinunulia pensheni kwa kampuni nyingine.

Zile pauni 9,662 zilikubaliwa kuwa utetezi. Mkopo wa nyumba ulikataliwa, kwa sababu deni lile angelilipa tu siku moja, na kulilipa kulimwachia nyumba yenye deni dogo. Pensheni nayo ilikataliwa, kwa kuwa kampuni iliyoiuza ilikuwa tayari kuifuta na kurudisha fedha. Mzee yule alikuwa na nia njema mwanzo hadi mwisho, na bado alirudisha sehemu kubwa.

Kwa hiyo matumizi ya kila siku na madeni ya zamani havisaidii. Kitu ulichonunua na bado unacho kinasaidia kwa kiasi kilichoshuka thamani tu. Kinachosaidia ni matumizi ya ziada, ambayo yasingekuwepo bila pesa ile na hayawezi kurudishwa: safari, sadaka, zawadi kwa ndugu, kuacha kazi ya jioni kwa kuamini kipato kimepanda.

Naomba mfano wa hesabu wenye shilingi za kwetu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwalimu wa shule ya binafsi analipwa 800,000 zaidi kila mwezi kwa miezi sita, baada ya mhasibu kumweka kwenye daraja lisilo lake. Jumla ni 4,800,000. Mwezi wa kwanza alimuuliza mhasibu, akajibiwa, "Mwalimu, ni nyongeza mpya, usiwe na wasiwasi."

Alilipa 1,200,000 kwenye mkopo wa saccos, na 900,000 zikaenda kwenye chakula na kodi kama kawaida yake. Mwezi Desemba aliipeleka familia kijijini kwa 700,000, safari ambayo kwa miaka minne hakuwahi kuimudu. Akatoa 600,000 kuezeka kanisa la kijiji. Alinunua friji kwa 1,000,000, ambayo leo ukiiuza unapata 700,000. Mwezi wa sita wa malipo hayo alipokea barua ya kusema kuna makosa, na baada ya barua hiyo akatumia 400,000 zilizobaki.

Saccos haihesabiki, wala chakula na kodi. Safari inahesabika yote, 700,000. Mchango wa kanisa nao, 600,000. Friji inahesabika kwa 300,000 iliyopotea, maana iliyobaki bado ipo jikoni kwake. Zile 400,000 za baada ya barua hazihesabiki kabisa (tazama swali la nia njema). Utetezi wake ni 1,600,000, na anachopaswa kurudisha ni 3,200,000. Hiyo ndiyo hesabu ya kupeleka kwenye mazungumzo, hata kabla ya mahakama.

Sina risiti hata moja. Nitathibitishaje?

Mzigo wa kuthibitisha utetezi ni wako, lakini mahakama hazitegemei mtu aishi na kabati la risiti. Mwaka 2000 kampuni ya mwanamuziki Phil Collins ilidai wapiga ala za kupuliza wawili warudishe mirabaha. Walikuwa wamelipwa kama kwamba walipiga kwenye nyimbo zote za albamu, kumbe walipiga kwenye tano tu kati ya kumi na tano. Malipo yalikuja kidogokidogo kwa miaka, na wao wakayapandisha maisha yao taratibu. Hawakuwa na hesabu ya kila kitu. Jaji aliona si haki kudai ushahidi wa senti kwa senti, akaukubali utetezi kwa nusu ya kiasi.

Nusu ile si kanuni, usiende kuidai. Somo ni kwamba malipo ya kidogokidogo kwa muda mrefu yana nguvu kuliko fungu moja kubwa, kwa sababu maisha yenyewe yanazoea.

Mezani kwangu ushahidi mzuri kuliko wote niliowahi kuona ulikuwa daftari la mistari, jalada lake limelowa mafuta ya taa. Mzee mmoja mstaafu aliandika humo kila shilingi aliyotoa: jina la mjukuu, tarehe, "nauli ya kumleta Tanga matibabu". Nilimuuliza, "Mzee, ulijua utadaiwa?" Akajibu, "Sikujua mwanangu, ni tabia tu ya karani." Nyongeza zake zilionekana wazi: miezi kabla ya malipo ya ziada hakuna nauli ya mtu yeyote, baada yake zipo kila ukurasa. Hicho ndicho unachotafuta, tofauti kati ya kabla na baada. Kama huna daftari, chapa taarifa ya miezi sita ya akaunti au simu kabla ya malipo na miezi sita baada yake, uziweke sambamba.

Mahakama za Tanzania zinaukubali utetezi huu?

Hapa panahitaji uangalifu. Kifungu cha 72 kinasema arudishe, basi, utetezi haukuandikwa. Sheria ya kimila ya Uingereza inaingia Tanzania kwa kadiri ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na Lipkin Gorman ni ya 1991. Kwa hiyo haimlazimishi hakimu wa Tanzania. Inaweza kumshawishi, na wakili ataisoma kwa nia hiyo.

Ila kuna mlango wa pili ambao ni wa sheria iliyoandikwa: kifungu cha 123 cha Sheria ya Ushahidi, kinachomzuia mtu kuikana kauli yake baada ya mwenzake kuiamini na kuifanyia kazi. Wanasheria huliita zuio la kukana kauli. Ukiwa na ujumbe wa mhasibu uliosema "ni nyongeza mpya", una kauli. Ukionyesha ulichofanya kwa kuiamini, una msingi. Bila kauli mlango huu haufunguki, maana kulipa peke yake kwa kawaida hakuhesabiki kama kauli.

Nguvu ya zuio hili ilionekana Uingereza mwaka 1983, kesi ya Avon. Mwalimu alilipwa pauni 1,007 zaidi akiwa mgonjwa, na kwa jinsi kesi ilivyoendeshwa alionekana ametumia 546.61 tu. Mahakama ilimzuia mwajiri kudai hata ile iliyobaki, kwa sababu zuio halikatwi vipande. Waingereza wenyewe hawakufurahia matokeo hayo, na katika kesi ya Scottish Equitable walikataa kuyarudia. Mimi nashauri utetezi wa zuio utumike kulinda kile ulichopoteza kweli. Ukiuvuta ukafunika na pesa ambayo bado unayo, hakimu ataanza kukutilia shaka katika mengine yote.

"Nia njema" ina maana gani hasa?

Ina maana hukujua kwamba pesa si yako, na hukuwa na sababu nzito ya kushuku ukaamua kufumba macho. Hutakiwi kuwa mpelelezi. Mhudumu wa duka aliyeongezewa elfu hamsini na kudhani ni posho ana nia njema. Aliyezoea kupokea laki nne akakuta milioni arobaini, akazitoa zote kwa wakala watano tofauti usiku huohuo, hana. Tangu dakika ulipoambiwa, au ulipogundua mwenyewe, matumizi yoyote mapya ni kwa hatari yako.

## Pesa za simu

Nimekosea namba sasa hivi. Nianze wapi?

Anza na mtandao wako, dakika hiyohiyo. Kenya, mtumiaji wa M-Pesa anatuma ule ujumbe wa muamala kwenda namba 456. Tanzania piga huduma kwa wateja wa mtandao wako ukiwa na kumbukumbu ya muamala. Usianze kwa kumpigia mpokeaji na kubishana naye. Kila dakika pesa inaweza kutolewa. Mtandao unaweza kurudisha kilichopo kwenye salio, lakini pesa ikishatoka hauwezi kuitoa hewani. Hapo ndipo unabaki na dai dhidi ya mpokeaji mwenyewe, kama ilivyoelezwa kwenye misingi.

Pesa ilipoingia ikamezwa na deni la Songesha au Fuliza. Mimi sikuigusa. Nadaiwa?

Ndiyo. Hukuigusa, lakini deni lako limepungua kwa kiasi hicho, na hayo ni manufaa sawasawa na yule aliyelipa saccos kwenye mfano wa mwalimu. Nakubali ni kali kwa mtu asiye na kitu, kwa sababu leo huna shilingi ya kurudisha. Omba kulipa kwa awamu. Muundo wake uko kwenye swali la mwisho.

Mtu amenipigia anasema amekosea, anaomba nimrudishie, lakini kwenye namba nyingine. Nifanye nini?

Usitume. Angalia kwanza salio lako kwenye menyu, si kwenye ujumbe, kwa sababu ujumbe wa kughushi wa "umepokea" ni utapeli wa siku nyingi. Kama pesa imeingia kweli, mwambie apitie kwa mtandao, na wewe mwenyewe uujulishe mtandao kwamba upo tayari muamala urudishwe.

Hatari yenyewe ni hii. Unatuma 150,000 kwenye namba ya tatu kwa roho safi. Saa moja baadaye mwenye namba ya kwanza analalamika kwa mtandao, na 150,000 nyingine inatoka kwako. Ukiwa tayari umetuma, utetezi wa kubadilika kwa hali unakufaa kabisa: ulitoa pesa kwa nia njema kwa sababu ya malipo yale, na haipo. Hifadhi rekodi ya simu iliyopigwa, ujumbe wa kuingia na wa kutoka. Lakini atakayedai atauliza kwa nini ulikubali namba isiyo ile iliyotuma, na swali hilo si jepesi kulijibu.

## Mshahara

Mwajiri anaweza kukata tu alichonizidishia?

Kenya, kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamruhusu kukata kiasi alicholipa kwa makosa juu ya mshahara unaostahili, na makato yote kwa ujumla hayawezi kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka makato yawe na msingi wa sheria, amri au makubaliano ya maandishi, na inatambua kwamba mfanyakazi anaweza kutakiwa kurudisha kilichozidi kwa makosa ya hesabu.

Usisaini fomu ya kukubali makato siku unayoletewa. Omba mchanganuo wa mwezi kwa mwezi. Nimeona barua iliyodai kiasi kabla ya kodi na michango, wakati mfanyakazi hakuwahi kuishika sehemu ile. Alichonufaika nacho ni kile kilichomfikia mkononi.

## Pembezoni

Naweza kushtakiwa kwa wizi?

Kupokea peke yake si wizi. Kujua si yako, kisha kuigeuza kuwa yako kwa ulaghai, kunaweza kuwa. Afrika Kusini mwaka 2017 mwanafunzi wa chuo kikuu aliingiziwa zaidi ya randi milioni 14 badala ya posho ya 1,400, akazitumia sehemu. Mwaka 2022 alitiwa hatiani kwa wizi. Kosa la mtumaji halikumsaidia.

Kwa upande wa mtumaji: polisi si wakusanyaji wa madeni. Kama mpokeaji anajibu simu na anajadili namna ya kulipa, hilo ni dai la madai, si jinai.

Nilipokea kwa niaba ya mtu mwingine na nimeshamfikishia. Nadaiwa mimi?

Kama ulikuwa wakala wake tu, na ulimkabidhi kabla ya kupata taarifa ya makosa, dai linamfuata yeye. Kama taarifa ilikufikia pesa ikiwa bado kwako, izuie. Huu ni utetezi wa wakala, na hauhitaji kuonyesha matumizi ya ziada.

Nina muda gani wa kudai, na wapi?

Kenya ni miaka sita kwa madai ya kimkataba, na kifungu cha 26 cha sheria ya ukomo kinasogeza mwanzo wa kuhesabu hadi makosa yalipogunduliwa au yangeweza kugunduliwa kwa juhudi za kawaida. Tanzania nayo ina kifungu cha makosa katika Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Usitegemee kusogezwa huko kama unaweza kudai leo.

Kwa kiasi kisichozidi shilingi milioni moja ya Kenya, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake inataja waziwazi fedha zilizopokewa na kushikiliwa, inataka shauri liishe ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili.

Nimekubali kurudisha sehemu. Niandike nini?

Andika mambo manne kwa lugha ya kawaida: kiasi kilichoingia na tarehe yake, kiasi unachosema kilitumika kwa nia njema na kwa nini, kiasi unachokubali kurudisha, na tarehe za awamu. Kisha ongeza sentensi hii: "Malipo haya yakikamilika, pande zote mbili hazitakuwa na dai jingine kuhusu fedha hizi." Bila sentensi hiyo, mwenzako anaweza kupokea awamu zako zote kisha akadai kilichobaki. Msaini wote, kila mmoja abaki na nakala, na kila awamu itumwe kwa njia inayoacha rekodi, si mkononi.